Bajeti ya kwanza ya matangazo ya Insta na Facebook: anza na faida ya oda moja, sio na hela iliyobaki mfukoni

Swali ninaloulizwa sana na watu wenye biashara ndogo ni "niweke shingapi kwenye kubusti?" na wengi wakiuliza hivyo tayari wana namba kichwani, elfu hamsini, laki, hela ambayo imebaki baada ya kulipa kodi ya fremu. Shida ya kuanzia hapo ni kwamba mwisho wa mwezi huwezi kujua kama ile hela imefanya kazi au imeliwa, maana hukuwa na kipimo tangu mwanzo. Hela ikiisha unabaki na laiki mia tatu na watu arobaini waliouliza "bei gani" wakapotea.

Mi nitakuonyesha njia ambayo nilimfanyia wifi yangu, anauza mashuka Mbagala Rangi Tatu, mzigo anachukua Kariakoo. Alikuwa hajawahi kulipia tangazo hata siku moja, alikuwa anaposti tu statasi na Insta. Namba ni zake, wewe weka zako, ila mpangilio wa hesabu ni huo huo uwe unauza mashuka, viatu vya mtumba au keki.

Nazungumzia tangazo la Meta (Facebook na Instagram) linalompeleka mteja moja kwa moja WhatsApp, kwa sababu biashara ndogo nyingi za huku hazina tovuti ya kuuzia, kila kitu kinaishia kwenye chati na namba ya malipo.

Hatua ya kwanza: jua oda moja inakuachia nini hasa

Hapa ndo watu wanajidanganya. Wifi aliniambia "nanunua 28,000 nauza 45,000, faida 17,000". Nikamwambia wifi hebu tukae chini tuandike.

Seti moja ya sita kwa sita, shuka mbili na foronya nne, bei 45,000. Mzigo 28,000. Mfuko mzuri wa kufungia pamoja na kikadi, 1,000. Afu kuna makato ya kutoa hela kwenye simu, na kuna boda zinazoenda bure, yaani mteja wa "nitalipa mzigo ukifika" anazima simu boda akiwa tayari yuko Tabata, na boda huyo lazima umlipe. Ukivigawanya hivyo viwili kwa kila oda, kwake ilikuwa kama 1,500. Na kuna lile punguzo ambalo kila mtu anaomba, wengine unawapa elfu tano wengine huwapi kitu, wastani wake ulitoka 1,500 kwa oda. Jumla ya kinachotoka ni 32,000, kwa hiyo oda moja inamwachia 13,000, sio 17,000.

Hiyo 4,000 iliyopotea inaonekana ndogo lakini ndo inayoamua kama tangazo litakulipa au litakula mtaji, kwa hiyo usiiruke hii hatua. Chukua oda zako kumi za mwisho, angalia kila moja ilikuachia nini kweli, gawanya kwa kumi. Delivari kama mteja analipa mwenyewe usiihesabu, kama wewe ndo unailipa itoe kwenye faida.

Sasa hiyo 13,000 ina maana mbili. Ukitumia 13,000 ya tangazo kupata oda moja, umetoka sare, hujapata hujakosa. Ukitumia nusu yake, 6,500, umebaki na faida ya maana. Andika namba hizo mbili mahali, tutazirudia.

Hatua ya pili: watu wangapi wanaouliza ndo wananunua

Hii nayo iko kwenye simu yako tayari. Fungua WhatsApp, rudi nyuma, hesabu watu 50 au 60 wa mwisho ambao hukuwa unawajua, waliokuja wakauliza bei. Usihesabu shoga zako, usihesabu wateja wa zamani, hao watanunua hata bila tangazo. Wifi alihesabu wageni 60, walionunua walikuwa 9. Hiyo ni asilimia 15.

Ila hao 60 wengi walikuja kwa sababu mtu aliwaambia, au walikuwa wanamfuatilia Insta siku nyingi. Mtu wa tangazo ni wa baridi zaidi, alikuwa anaangalia video za vichekesho ghafla akaona shuka, akabonyeza. Kwa hiyo usitumie ile 15, ishushe. Sisi tulishusha mpaka 10, yaani kati ya watu kumi wanaochati mmoja ananunua. Kama hujawahi kuhesabu na huna pa kuanzia, anza na hiyo hiyo moja kwa kumi, utairekebisha baada ya mwezi.

Ukishakuwa nayo, hesabu inakuwa nyepesi: oda inaacha 13,000, inahitaji chati kumi, kwa hiyo chati moja isizidi 1,300 ndo utoke sare. Hii 1,300 ndo namba muhimu kuliko zote kwenye hii kazi, ndo utakayokuwa unaiangalia kila siku kwenye skrini.

Kuna watu wakifika hapa wanagundua biashara yao haibebeki. Mfano unauza hereni za 5,000 zinazokuachia 2,000, chati moja isizidi 200, na hapo sikushauri ulipie tangazo la kuuza pea moja moja. Funga pea tano kwa 22,000 uuze kama fungu, au subiri. Bora ulijue hili ukiwa na kalamu kuliko ulijue ukiwa umeshakatwa.

Hatua ya tatu: chati ngapi zinatosha kukupa jibu

Mwezi wa kwanza unanunua jibu zaidi ya mauzo. Unataka kujua je, kwa bidhaa yangu na bei yangu hii, tangazo linalipa? Sasa jibu haliji kwa chati chache. Tuseme ukweli wako ni mmoja kwa kumi kabisa. Ukipata chati 20 unategemea oda mbili, lakini kuna uwezekano kama wa 1 kwa 8 kwamba hao 20 wote wasinunue hata mmoja, bahati tu. Mtu anaweka elfu ishirini, anapata chati 20 bila oda, anatangaza mtaa mzima kwamba matangazo ya mtandaoni ni utapeli. Kumbe hajafika hata robo ya njia.

Mi nalenga chati 100. Sio namba takatifu, ila ukifikisha mia na una oda 3 unajua kuna tatizo, ukiwa na oda 14 unajua uko vizuri, picha inakuwa imetulia.

Chati 100 mara 1,300 ni 130,000. Hiyo ndo bajeti ya mwezi wa kwanza ya wifi, na umeona imetoka wapi, haikutoka kwenye "nina laki na nusu hapa".

Halafu ndo uangalie mfuko. Swali ni moja tu: hii 130,000 ikipotea yote, bado utaweza kununua mzigo unaofuata na kulipa kodi? Kama jibu ni hapana, usikope kabisa, na usiipunguze ikawa 30,000 ukidhani utapata jibu dogo, maana hutapata jibu. Weka pembeni 10,000 kila wiki mpaka zifike. Wifi alisubiri miezi miwili na nusu, na alinuna kweli.

Angalia na mzigo pia. Ukitegemea oda kumi na una seti nne ndani, tangazo litakuletea watu wa kuwaambia "imeisha dada". Na angalia mikono: chati 100 kwa wiki mbili ni kama saba kwa siku, mtu mmoja anaziweza. Ungeziweka ndani ya siku tatu hapo sijui.

Hatua ya nne: toa kodi na dola kabla hujaandika namba kwenye skrini

Hapa wengi wanakatwa wakashangaa. Ile namba unayoandika kwenye Ads Manager, yaani sehemu ya Meta ya kutengenezea matangazo, sio yote itakayotoka kwenye kadi yako. Juu yake inakuja VAT, na Tanzania Bara kiwango cha kawaida ni asilimia 18, sheria ya kuihusisha na huduma za kidijitali za kampuni za nje ilianza Julai 2022. Ndugu zetu wa Kenya kwenu ni 16. Kwa hiyo kama bajeti yako kamili ni 130,000, gawanya kwa 1.18, inabaki kama 110,000 ya tangazo lenyewe. Hiyo 20,000 iliyobaki ni ya serikali, iache kwenye kadi.

Akaunti ya wifi inakatwa kwa dola. Hapa natumia dola moja kwa 2,600 ili hesabu iwe nyepesi, wewe angalia reti ambayo benki yako au mtandao wako wa simu unatumia kwenye kadi, sio ile ya Google, maana ya kadi huwa iko juu kidogo. 110,000 kwa 2,600 ni dola 42 na senti. Tukaandika 42. Ongeza VAT inakuwa kama dola 49 na nusu, kwa shilingi ni kama 128,900. Imekaa ndani ya 130,000.

Kulipia unatumia kadi ya Visa au Mastercard ya benki, au zile kadi za mtandaoni unazotengeneza kwenye menyu ya pesa ya simu. Mi napenda hizi za simu kwa mtu anayeanza kwa sababu unaweka kile ulichopanga tu, ikiisha imeisha. Ila ujue Meta kwa kawaida hawachukui hela mwanzo, wanakuacha utumie kwanza, ukifika kiwango fulani wanakata, na tarehe fulani ya mwezi wanakata kilichobaki. Wakikuta kadi tupu tangazo linasimama na deni linabaki pale pale. Kwa hiyo hela iwepo kabla, usiseme nitaweka kesho.

Na kama unatumia iPhone: usibonyeze kitufe cha kubusti ndani ya apu ya Insta au Facebook. Tangu 2024 kuna makato ya Apple ya asilimia 30 kwenye kubusti kwa njia hiyo, ingawa hayajaanza kila nchi kwa siku moja. Fungua facebook.com kwenye brauza, au tumia kompyuta ya mtu, utayakwepa.

Kitu kingine, ukilipa mtu akubustie, na huku Bongo wako wengi tu, makubaliano yawe kwamba anakupa skrinshoti ya safu ya Amount spent, yaani hela iliyotumika, kila siku mbili. Mi mwaka fulani nilimpa dogo mmoja elfu themanini, akaniletea laiki nyingi hadi nikafurahi, baadaye nilipoomba kuona nikakuta zilizoingia kwenye tangazo hazifiki nusu. Ufundi wake nilikuwa tayari kuulipia, ila angesema "hii ya tangazo, hii yangu".

Hatua ya tano: siku 14, sio siku 30

Bajeti ni ya mwezi lakini haina lazima iende mwezi mzima. Dola 42 ukigawa kwa siku 30 ni dola moja na senti arobaini kwa siku, inadondoka kama bomba bovu. Mfumo wa Meta unajifunza nani anabonyeza na nani anachati, na wenyewe wanasema tangazo linatulia likipata matokeo kama 50 ndani ya wiki moja, kabla ya hapo safu ya Delivery inakuandikia Learning. Ukigawa hela kwa mwezi mzima hutafika huko. Ukiiweka siku 14, ni dola 3 kwa siku, 21 kwa wiki, na kama chati moja inatoka kwa senti 42 za dola (ambayo ni ile 1,300 yetu ukitoa kodi), unapata 50 kwa wiki kamili. Imegusa mstari tu, lakini imegusa.

Kwa sababu hiyo hiyo usitengeneze matangazo matano ya makundi matano ya watu. Bajeti hii inabeba campaign moja, yaani kazi nzima na lengo lake, ad set moja, yaani kundi moja la watu unaowalenga, na ndani yake matangazo mawili tofauti, basi. Ukiigawa kila kipande kinakufa njaa.

Siku zipi sasa? Sisi tulichagua kuanzia tarehe 20 mpaka tarehe 3. Siku za mwanzo watu wamekauka, siku za mwisho mishahara imetoka, kwa hiyo unapata picha ya pande zote mbili. Ukiweka tarehe 28 mpaka 5 tu utauza, utajiona bingwa, mwezi unaofuata unaweka tarehe 12 unalia.

Kwenye kutengeneza, bonyeza Create, lengo chagua Engagement, halafu sehemu ya kupeleka watu chagua WhatsApp, uwe umeshaunganisha namba ya WhatsApp Business na ukurasa wako. Ukichagua lengo la watu wengi waone, watakuletea watu wengi wa kuona, kweli, na hawatachati. Mfumo unakupa ulichoomba.

Kwenye bajeti kuna Daily budget, ya kila siku, na Lifetime budget, ya kipindi chote. Kwa mara ya kwanza chagua Lifetime, andika 42, weka tarehe ya kuanza na ya kuisha. Daily sio mbaya lakini ina mambo mawili: siku moja inaweza kutumia zaidi ya ulichoandika kisha ikafidia siku nyingine, kwa wiki haizidi mara saba ya namba yako ila mtu mgeni akiona dola 5 badala ya 3 anapata presha. Na la pili ndo baya, ukisahau tarehe ya kuisha inaendelea tu. Niliwahi kusahau, nikasafiri msibani Singida, narudi nakuta wiki moja na siku tatu za ziada zimeliwa na bidhaa yenyewe ilishaisha. Hapo hamna wa kumlaumu.

Kufuli la mwisho, nenda kwenye Billing & payments tafuta Account spending limit, andika 45. Hata ukikosea mahali popote pengine, akaunti nzima haipiti hapo.

Kuhusu tangazo lenyewe nitasema jambo moja tu kwa sababu linagusa bajeti: andika bei. Najua kuna imani ya "bei njoo inboksi". Ukificha bei chati zinakuwa nyingi na za bei rahisi, skrini inapendeza, lakini nusu ni watu waliotaka kujua tu, na wewe unalipia kila mmoja. Ukiandika "45,000, Dar tunaleta" chati zinapungua na kila moja inapanda bei kidogo, ila wanaokuja wameshakubali bei.

Hatua ya sita: daftari, na kutogusa

Kila siku jioni andika vitu vinne: hela iliyotumika, chati mpya za tangazo, oda zilizolipwa, na mtu alikwama wapi. Hicho cha nne ndo dhahabu. Kwenye WhatsApp Business kuna lebo, kila anayekuja kupitia tangazo mpe lebo ya "tangazo", ni rahisi kumjua maana chati yake inakuja na kipicha cha tangazo juu. Namba ya chati ya Meta na yako hazitalingana sawasawa, tumia yako.

Wifi siku ya tatu alinipigia saa nne usiku.

"Wifi, chati 16, oda hata moja hamna. Nizime?"

"Wifi usizime."

"Basi nibadilishe picha?"

"Wifi usiguse kitu."

Chati 16 bila oda ni kawaida kabisa, tumeshaona hesabu yake juu. Na ukibadilisha picha au watu unaowalenga au ukaongeza bajeti kwa pupa, mfumo unaanza kujifunza upya, siku tatu ulizolipia zimeenda. Sababu za kugusa kabla ya siku saba ni chache: bei uliyoandika ni ya uongo, namba ya WhatsApp haifanyi kazi, mzigo umeisha, au chati moja inakula mara tatu ya kile kikomo chako siku ya nne (kwake ingekuwa karibu 4,000). Nje ya hapo kunja mikono.

Oda ya kwanza ilikuja siku ya nne asubuhi, kutoka kwa mmoja wa wale 16. Watu wanauliza leo wananunua Ijumaa, kwa hiyo usifunge hesabu siku tangazo linapoisha, ipe siku tano zaidi.

Hatua ya saba: soma matokeo kabla ya kupanga mwezi wa pili

Yalivyotoka. Zilikatwa jumla 127,600 pamoja na VAT. Chati alizohesabu mwenyewe 87, oda 8. Chati moja imetoka kwa kama 1,470, imezidi kikomo chetu cha 1,300. Oda moja imegharimu 15,950, na oda inaacha 13,000. Faida ya oda nane ni 104,000, kwa hiyo kapoteza 23,600.

Ukiishia hapo unasema tangazo halilipi. Tukafungua ile safu ya nne ya daftari. Kumbe kwenye sehemu ya mahali alichagua Tanzania nzima, mimi nilikuwa nimemwambia Dar, yeye akaona mbona nijibane. Chati 26 zilitoka mikoani, Mwanza, Mbeya, Dodoma, na kati ya hao aliyenunua ni mmoja, wengine waliishia kwenye "nitume hela kwanza kabla ya kuona mzigo?" Hawana kosa, mi mwenyewe nisingetuma. Waliobaki wa Dar ni 61, walionunua 7, karibu mmoja kwa tisa. Yaani Dar inafanya kazi kama tulivyokadiria, mikoani ndo ilikula hela.

Kitu cha pili, chati za saa tatu usiku mpaka saa tano zilikuwa nyingi na yeye saa hizo amelala au anapika, wanajibiwa asubuhi wameshapoa. Hilo halihitaji hela, linahitaji mtu wa kushika simu.

Wawili kati ya wale wanane walirudi ndani ya mwezi huo huo wakachukua seti nyingine kila mmoja, bila tangazo, hapo 26,000 nyingine, na ukijumlisha hivyo katoka sare na 2,400 juu. Mi naziandika pembeni hizi, siziweki kwenye hesabu ya kupangia, kwa sababu mwezi wa kwanza hujui kama ni tabia ya wateja wako au ni bahati ya hao wawili.

Kanuni tunayotumia kupanga mwezi unaofuata inatoka kwenye zile namba mbili za mwanzo. Oda ikigharimu chini ya 6,500, ongeza bajeti, ila kidogo, kama asilimia 20 kwa mara moja, usiruke kutoka 130,000 kwenda 400,000 kwa sababu wale watu rahisi kupatikana ni wachache na wanaofuata ni ghali zaidi. Ikiwa kati ya 6,500 na 13,000, baki na bajeti ile ile na rekebisha kitu kimoja. Ikizidi 13,000 rekebisha kitu kimoja kikubwa kisha rudia mara moja tu kwa bajeti ile ile, na ikizidi tena, simamisha, tatizo liko kwenye bei au bidhaa au namna unavyojibu, na hela zaidi haitalitatua. Kitu kimoja nasisitiza, ukibadilisha vitatu hutajua kipi kimefanya kazi.

Wifi alikuwa kundi la tatu. Tukarudia, dola 42 zile zile, tarehe 20 mpaka 3, tangazo lile lile, kilichobadilika ni mahali tu: Dar es Salaam. Simu ya usiku tulimpa binti yake wa kidato cha nne kwa malipo ya vocha, najua hicho ni kitu cha pili, nimevunja kanuni yangu mwenyewe, lakini kuacha watu bila kujibiwa ili tu hesabu yangu iwe safi nilishindwa.

Chati zilipungua zikawa 79 maana Dar peke yake kila chati iko juu kidogo. Oda zikawa 11. Zilikatwa 128,800, kwa hiyo oda moja imegharimu kama 11,700, iko chini ya 13,000. Amebaki na 14,200 mkononi, hela ndogo, ila safari hii ni faida.

Akanipigia usiku huo huo. "Wifi, niweke laki mbili mwezi huu?"

"Umebaki na seti ngapi ndani?"

"Nne."

"Basi hiyo ya kuongeza ipeleke Kariakoo, ya tangazo iache palepale kwenye dola 42."